Kata, Piga, Usitaje: Hotuba kwa Majirani Kuhusu Matapeli wa Simu

Ndugu majirani,

Kila wiki kwenye makundi yetu ya simu hupita onyo jipya. Usipokee namba inayoanza hivi. Ukiulizwa "unanisikia?" usijibu "ndiyo," watairekodi sauti yako wakachote pesa. Ukipokea tu, akaunti inafagiliwa. Aliyetuma ana nia njema, lakini maonyo ya namna hii yanatuchanganya. Namba za matapeli hubadilika kila siku, kwa hiyo orodha ya leo haina kazi kesho. Tena kupokea simu peke yake hakuhamishi pesa, na neno "ndiyo" peke yake halifungui akaunti. Tunaogopa mlio wa simu, halafu kile kinachotuibia kweli tunakipita bila kukiona.

Kwa hiyo jioni hii hatutahesabu hila moja moja, maana hazina mwisho. Tutaifungua simu moja ya kitapeli, tuone inavyofanya kazi ndani, kisha tuchukue mazoea matatu yanayoikatiza. Yanakaa kwa maneno matatu: kata, piga, usitaje.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mwizi wa kawaida huvunja mlango. Tapeli humfanya mwenye nyumba afungue mwenyewe. Ndiyo maana kufuli za benki, hata ziwe imara namna gani, mara nyingi hazimzuii: mitambo ya benki imeona mwenye akaunti, nywila sahihi na uthibitisho sahihi, kwa hiyo imetii. Na ndiyo maana si kweli kwamba wanaotapeliwa ni wajinga au wazee tu. Tapeli hashindani na akili yako. Anatafuta dakika kumi ambazo hofu au haraka imeiweka akili yako pembeni, na dakika hizo kila mmoja wetu anazo.

Sasa tusikilize simu yenyewe. Tumwite aliyepigiwa Bi. Rehema.

Kwenye kioo linatokea jina la benki yake. Sauti ni ya upole, ya mtu wa ofisini. "Habari za asubuhi, naongea na Bi. Rehema? Napiga kutoka kitengo cha usalama. Kuna mtu anajaribu kutoa pesa kwenye akaunti yako muda huu. Je, ni wewe?" Bi. Rehema anasema hapana. "Basi tulia mama, tutazuia pamoja, ila usikate simu." Halafu anamsomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yake na nne za mwisho. Ni zenyewe. "Sasa nakutumia namba ya kuzuia muamala. Ikifika nisomee." Meseji inaingia, na kweli imetoka benki, ndani ya mfululizo uleule wa meseji za siku zote. Anasoma tarakimu sita. Mpigaji anashukuru, anamwomba asiingie kwenye akaunti kwa saa mbili "wakati mitambo inasafishwa." Saa mbili zikipita, akaunti ni tupu.

Tuchambue. Jina la benki kwenye kioo lilitoka wapi? Taarifa za namba inayopiga hutumwa na upande wa mpigaji, na wapo wanaojua kuzighushi. Ni kama jina la mtumaji nyuma ya bahasha: postamasta hahakiki kama aliyeliandika ndiye. Meseji nazo ni hivyohivyo. Tapeli akighushi jina la mtumaji, simu yako inaipanga meseji yake chini ya zile halisi za benki, kwa sababu inachotazama ni jina tu.

Na tarakimu za kadi? Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo. Tarakimu za mwanzo za kadi si siri ya mtu. Hutambulisha benki iliyoitoa. Kwa utaratibu uliozoeleka ni tarakimu sita, na utaratibu mpya umezifikisha nane. Wateja wengi wa benki moja wenye aina moja ya kadi wanazo zilezile. Akijua benki yako, anaweza kukusomea mwanzo wa kadi bila kuiona. Nne za mwisho huchapwa kwenye risiti nyingi, zile tunazoziacha mezani au kuzitupa. Kwa hiyo amesoma ncha mbili, katikati hana, na wewe umeamini anayo yote. Jina lako na namba ya simu ndiyo rahisi zaidi: ziko kwenye fomu, kwenye vifurushi, kwenye kurasa zetu za mitandao, na kwenye kumbukumbu za kampuni zilizowahi kuibiwa. Mtu kujua mambo yako kunaonyesha kwamba mambo hayo yamevuja. Hakuonyeshi yeye ni nani.

Imebaki ile meseji ya namba sita, ambayo ilitoka benki kweli. Nayo ndiyo moyo wa wizi wote. Tapeli alikuwa amekaa mbele ya ukurasa wa benki, ameandika namba ya simu ya Bi. Rehema, amebonyeza "nimesahau nywila." Mitambo ya benki ikafanya kazi yake: ikatuma namba ya uthibitisho kwa mwenye simu. Hapo tapeli amegonga ukuta. Namba iko mkononi mwa Bi. Rehema, na njia ya kuipata ni kumwomba aitaje. Maneno yote ya mwanzo, upole, kitengo cha usalama na tarakimu za kadi, yalikuwa ni maandalizi ya sentensi moja: "nisomee."

Baada ya kuona hivyo, mazoea yenyewe yanaeleweka kirahisi.

La kwanza, kata. Simu yoyote usiyoitarajia inayozungumzia pesa, akaunti, kukamatwa, zawadi, au ndugu aliyepata ajali, ikatize. Sema, "Asante, nitapiga mwenyewe," kisha kata. Usieleze sababu, na tafadhali usibishane naye ili umnase. Watu wengi hodari wamenaswa wakibishana, kwa sababu kila swali unalomuuliza amekwisha kulisikia mara mia na ana jibu lake, na kila jibu unalompa wewe linamwongezea cha kutumia.

Kwa nini kukata kuna nguvu hivyo? Namba ya uthibitisho huisha muda baada ya dakika chache. Ndiyo sababu ya haraka yake, na ndiyo sababu ya "usikate simu." Ukiwa kwenye laini yake huwezi kupiga benki, huwezi kumsikia mwanao anayekwambia "mama, huyu ni tapeli," na huwezi kusoma meseji kwa utulivu. Ukikata, kazi yake yote inabidi ianze upya. Baadhi yao hujikinga mapema: watakwambia usimwambie mtu, hata wafanyakazi wa tawi, kwa kuwa "nao wanachunguzwa." Anayekutaka ufiche jambo la pesa zako kwa watu wako wa karibu amekwisha kujitambulisha.

Kuna wasiwasi mmoja wa haki: je, ikiwa kweli pesa zinaibwa wakati huohuo, na mimi nimekata? Benki iliyouona muamala wa mashaka ina uwezo wa kuuzuia yenyewe. Haihitaji wewe uutaje uthibitisho ili izuie, na wala kizuizi chake hakifunguki kwa sababu umekata simu. Kukata kunakugharimu dakika tano ikiwa simu ilikuwa ya kweli. Ikiwa ilikuwa ya uongo, kutokukata kunakugharimu akaunti nzima.

Kwa wenye simu za mezani, angalizo moja. Kwenye baadhi ya mitandao ya simu za waya, laini hubaki wazi kwa muda kama aliyepiga hajaweka chini mkono wa simu. Unadhani unapiga benki, kumbe unaongea na yuleyule. Tumia simu nyingine.

La pili, piga. Baada ya kukata, wewe ndiye unayeanzisha mazungumzo, kwa namba uliyoipata mahali ambapo tapeli hawezi kugusa. Nyuma ya kadi yako ya benki ipo. Kwenye mkataba ipo. Ndani ya programu ya benki uliyoiweka mwenyewe siku nyingi ipo. Au nenda tawini kwa miguu yako. Namba iliyo ndani ya meseji uliyotumiwa haifai, namba anayokusomea haifai, na kubonyeza jina lililo kwenye orodha ya simu zilizoingia hakufai. Hata kutafuta mtandaoni kuna mtego wake: majibu ya juu kabisa yanaweza kuwa matangazo ya kulipiwa, na matapeli nao hulipia matangazo.

Linki zina kanuni hiyohiyo. Msibonyeze ya kutumiwa, fungueni ukurasa kwa kuandika anwani wenyewe. Alama ya kufuli iliyo karibu na anwani haisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu. Inasema tu kwamba mnachoandika hakisomwi na mtu wa tatu njiani. Ukurasa wa tapeli unaweza kuwa na kufuli safi kabisa.

Zoea hili linafanya kazi hata pale ambapo benki haimo. Meseji inakuja: "Baba, nimepoteza simu, hii ndiyo namba yangu mpya, nina shida ya haraka." Piga namba ya zamani ya mwanao. Haipatikani? Piga mtu anayeishi naye au anayefanya naye kazi. Sauti inayolia kwenye laini yenye mkwaruzo isikutoshe, kwa sababu mzazi aliyeshtuka husikia sauti ya mwanawe hata isipokuwa yake, na siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta. Familia ikikubaliana swali moja ambalo jibu lake halipo mtandaoni, mmejisaidia sana.

Au meseji inasema umetumiwa pesa, kisha mtu anapiga, "Nimekosea namba, naomba unirudishie." Hapa "kupiga" maana yake ni kwenda kwenye chanzo: tazama salio lako mwenyewe kupitia menyu ya huduma. Usisome salio lililoandikwa kwenye meseji. Mara nyingi utakuta hakuna kilichoingia, meseji ilitungwa. Na ukikuta kimeingia kweli, bado usikirudishe kwa mkono wako. Inawezekana ni pesa ya wizi inayopitishwa kwako, au aliyetuma ameshaomba kampuni irudishe muamala, ukajikuta umetoa mara mbili. Mwambie aombe marejesho kwa kampuni iliyopitisha pesa, nawe uiarifu kampuni hiyo kwamba huzigusi. Mtu mwaminifu hatakasirika.

La tatu, usitaje. Vitu vya kutotaja ni vitatu tu: namba ya siri, namba ya uthibitisho, na kioo cha simu yako.

Namba ya siri watu wanaijua. Niongeze jambo moja tu: huhitajika pesa zinapotoka. Hakuna pesa inayoingia kwako kwa wewe kuandika namba ya siri. Mtu akisema "weka namba yako ya siri ili upokee," anakutumisha pesa wewe.

Namba ya uthibitisho ndiyo inayotuponza, kwa sababu inafika yenyewe na inaonekana kama karatasi ya kupita tu. Ichukulieni hivi. Mlinzi wa geti anakupigia ndani: "Kuna mtu hapa anasema yeye ni wewe. Kama kweli ni wewe, utakuwa na neno hili ninalokutumia. Nitamfungulia yeyote atakayelitamka." Neno likikufikia na wewe hujatoka nje, maana yake kuna mgeni getini. Ukimnong'oneza mpigaji, umemfungulia. Kwa hiyo namba hiyo huandikwa na wewe, kwenye ukurasa ulioufungua mwenyewe, kwa kazi uliyoianza mwenyewe. Haisemwi kwa mdomo, haitumwi kwa picha.

Na isomeni meseji yote. Wengi tunarukia tarakimu tukaacha maneno yaliyozizunguka, ambayo mara nyingi yanataja kazi yake: kuongeza kifaa kipya, kubadili nywila, kutuma kiasi fulani. Nyingi husema wazi, "Usimpe mtu yeyote namba hii." Matapeli wanalijua onyo hilo, nao wana jibu la kulipita: "Hilo ni kwa watu wa nje, mama, mimi ni mfanyakazi." Neno "yeyote" linamhusu mfanyakazi pia. Benki haina haja ya kukuuliza namba iliyoitoa yenyewe.

Kioo cha simu ni jambo jipya kwa wengi. Unaambiwa upakue programu fulani "ili fundi akusaidie." Zipo programu halali za mafundi zinazomwezesha mtu wa mbali kuona kioo chako na hata kukiendesha. Ukimpa tapeli, hahitaji kukuuliza chochote tena, anasoma meseji zako zinavyoingia. Ikiwa umeshaiweka, zima intaneti ya simu mara moja, yaani data na waifai, kisha ndipo uiondoe.

Namba hizi si za benki peke yake. Akaunti ya WhatsApp huandikishwa kwa namba ya tarakimu sita inayotumwa kwenye simu yako. Jirani yako, kwa akaunti yake halisi, anakuandikia, "Samahani, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nirushie." Aliyeandika si jirani, ni aliyemwibia jana. Ukirusha, leo anakuwa wewe, na kesho anawaomba pesa watu wote wa kikundi hiki. Mkiona ombi hilo, mpigieni jirani kwa simu ya kawaida mumsikie. Aliyekwisha kuibiwa na aifungue upya programu, aandike namba yake, na aingize namba mpya atakayotumiwa. Papo hapo mwizi anatolewa. Kama mwizi alikuwa ameweka pini ya ziada, mwenyewe atasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila pini hiyo, lakini mwizi tayari yuko nje. Ili yasifike huko, washeni mapema uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti, na pini yake msimpe mtu.

Mazoea haya yana mipaka yake. Hayamzuii tapeli mvumilivu, yule wa mapenzi au wa "uwekezaji," anayekuzoea kwa miezi bila haraka yoyote. Huyo hulipa kwanza. Unaweka kidogo, unarudishiwa na faida, unaamini, unaweka kikubwa. Ile faida ya mwanzo ni chambo, si ushahidi. Dawa yake ni kujaribu kutoa pesa zote mapema. Ukiambiwa ulipe ada au kodi kwanza ili utoe zako mwenyewe, usiongeze hata senti. Wala mazoea haya hayamzuii anayehamisha laini yako kwenye kadi nyingine ya simu. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu yako wakati wenzako walio mtandao huohuo wanao. Hapo azima simu ya jirani upige kampuni ya simu, kisha benki, bila kungoja asubuhi.

Na aliyekwisha kutaja namba? Asijifungie ndani kwa aibu, kwa sababu aibu inakula muda, na muda ndio kila kitu hapa. Pesa iliyoibwa huhamishwa akaunti hadi akaunti kisha hutolewa taslimu, na ikishatolewa kuirudisha ni kazi ngumu mno. Apige benki kwanza, aombe akaunti na kadi zifungwe na muamala uzuiwe, aombe namba ya malalamiko aiandike. Abadilishe nywila, akianza na ya barua pepe, maana kupitia barua pepe nywila nyingine hubadilishwa. Ndipo aende polisi na namba ya muamala, saa, na meseji zote bila kufuta hata moja. Siku chache baadaye huenda akapigiwa na "wakili" au "mpelelezi" anayeweza kuzirudisha pesa kwa ada ndogo. Huyo anajua ameibiwa kwa sababu ni wenzake walioiba, au wameuziana jina lake. Naye anakatiwa.

Sasa kabla hatujainuka, kila mwenye kadi ya benki aitoe na kuigeuza, akiifunika kwa kiganja asionyeshe tarakimu kwa jirani. Isomeni namba ya huduma iliyo nyuma, iwekeni kwenye simu kwa jina mtakalolikumbuka mkiwa mmeshtuka, kisha iandikeni pia kwenye karatasi mkaibandike ukutani nyumbani, kwa sababu siku laini ikiibiwa, iliyo ndani ya simu haitawafaa. Wasio na kadi, namba iko kwenye karatasi za kufungulia akaunti. Wenye miwani wawasaidie wasioona vizuri, lakini kila mtu aishike kadi yake kwa mkono wake.